Pasi ya apu ya chakula: ilikuokolea au ilikula? Hesabu ya kufanya kabla ya kusitisha

Mdogo wangu ni muuguzi na anaishi Naka, hapa Nakuru. Mwezi mmoja alilipia pasi ya apu ya kuletewa chakula. Bei ilikuwa shilingi 399, na ahadi ilikuwa kwamba kwenye kila mkahawa wenye alama ya pasi angeletewa bila ada, mradi oda yake ifike shilingi 700. Mwezi ulipokaribia kuisha, apu ikamwandikia kwa maandishi makubwa kwamba ameokoa shilingi 920. Akaja nyumbani kwangu Section 58 na simu mkononi.

"Dada, nimelipa mia tatu tisini na tisa, nimeokoa mia tisa ishirini. Sasa mbona wewe unasema pasi hizi ni za kuangaliwa?"

Sikumwambia aisitishe. Nilimwambia tufungue risiti moja moja. Tulikaa nazo karibu saa moja na nusu, chai ikapoa, na tulipomaliza ile 920 ilikuwa imebaki 355. Ukitoa bei ya pasi, alikuwa amepoteza shilingi 44. Si pesa ya kumnyima mtu usingizi, lakini kati ya kufaidi 521, kama alivyodhani, na kupoteza 44, kuna tofauti ya kutosha kubadilisha uamuzi.

Nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili ufanye na zako. Nitashika pasi za chakula zaidi, kwa sababu ndizo zinazodanganya macho kwa urahisi. Za usafiri nitazigusa karibu na mwisho.

Kwanza, jua ile namba ya apu inahesabu nini

Fungua risiti moja ya oda iliyopita. Kwa kawaida utaona mistari mitatu au minne: bei ya chakula, ada ya kupelekewa, ada ya huduma, na wakati mwingine ada ya oda ndogo au bakshishi ya dereva. Pasi nyingi hugusa mstari mmoja tu, ule wa kupelekewa. Ada ya huduma hubaki, na mara nyingi hukatwa kwa asilimia ya bei ya chakula, kwa hiyo oda ikikua nayo inakua. Baadhi ya pasi huipunguza kidogo. Soma masharti ya yako, maana hapo ndipo neno "bure" linapokatwa miguu.

Sasa angalia mstari wa kupelekewa. Utaona namba iliyopigwa mstari katikati, tuseme 120, na pembeni yake sifuri. Apu huchukua zile namba zilizopigwa mstari na kuzijumlisha mwezi mzima. Oda nane za mdogo wangu zilizopata msamaha zilikuwa na 100, 120, 90, 150, 110, 130, 100 na 120. Jumla yake ni 920. Apu haikusema uongo, ilijumlisha vizuri kabisa.

Tatizo ni swali inalojibu. Inajibu hili: kama ungeagiza oda hizihizi zote, kwa ukubwa huuhuu, bila pasi na bila ofa nyingine yoyote, ungelipa nini zaidi? Lakini wewe bila pasi usingeagiza hivyo. Ungeagiza mara chache, ungeagiza kidogo, siku nyingine ungempigia mwenye mkahawa simu, na siku nyingine ungekaanga sukuma na kulala. Akiba ya kweli ni tofauti kati ya ulicholipa na ambacho ungelipa kwa maisha yako ya kawaida. Hilo apu haiwezi kulijua. Unalijua wewe, na usipoliandika mapema utalisahau.

Kusanya risiti za mwezi mmoja kamili wa pasi

Usichukue mwezi wa kalenda. Chukua kuanzia siku pasi ilipokatwa hadi siku moja kabla ya kukatwa tena. Kwa mdogo wangu ilikuwa tarehe 3 Machi hadi 2 Aprili. Ukichanganya, utakuta oda tatu za pasi ya mwezi uliopita zimeingia kwenye hesabu ya mwezi huu na kuipamba.

Risiti zimo ndani ya apu, kwenye historia ya oda, ila kuzifungua moja moja kunachosha. Kama hutumwa pia kwa barua pepe na unatumia Gmail, andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia, ukibadilisha tarehe ziwe zako:

```
receipt after:2025/03/03 before:2025/04/03
```

Tarehe ya mwisho haihesabiwi, ndiyo maana nimeweka 3 Aprili ili 2 Aprili iingie. Kama risiti zako huja na kichwa kingine cha habari, badilisha neno la kwanza.

Taarifa ya M-Pesa nayo ipakue, kupitia apu ya M-PESA au kwa kupiga *334#. Haitakusaidia kuona mistari ya risiti, kwa sababu inaonyesha jumla tu iliyotoka. Kazi yake ni nyingine. Itakuonyesha kama pasi ilikatwa mara moja au mara mbili, na kama kiasi kilichokatwa ndicho ulichoahidiwa. Ukilipa kwa kadi, tumia ujumbe wa benki kwa kazi hiyohiyo.

Mdogo wangu alikuwa na oda 11 kwenye historia. Yeye mwenyewe aliamini zote zilikuja bure. Risiti zikasema ni nane. Mbili zilikuwa za mkahawa wa samaki usio na alama ya pasi, na moja ilikuwa ya shilingi 640, chini ya kiwango. Kwa hizo tatu alilipa ada kama mtu mwingine yeyote, na hakuwa ameona. Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko Nairobi, kwa sababu orodha ya mikahawa ni fupi. Ikiwa sehemu mbili unazozipenda hazina alama, pasi imeshapoteza nusu ya kazi yake hata kabla hujaanza kupiga hesabu.

Kila oda iulize: bila pasi ningefanya nini?

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Chukua risiti, kumbuka siku ile, na ujibu kwa ukweli. Majibu huwa ni matatu.

Jibu la kwanza: ningeagiza vilevile, kwenye apu hii, na ningelipa ada. Muuguzi ametoka zamu ya usiku, mvua inanyesha, nyumbani hakuna mkate. Hiyo ni akiba halali, ihesabu yote.

Jibu la pili: nisingeagiza kabisa. Mdogo wangu alikuwa na oda mbili za Jumapili alasiri, zile za 150 na 130. Alikuwa nyumbani, ana unga, ana mboga. Nilipomuuliza kwa nini aliagiza, alicheka. "Nilikuwa nimeshalipia, dada. Ningeiacha iharibike?" Basi 280 zikatoka. Huwezi kuokoa ada ya safari ambayo isingekuwepo. Kwenye karatasi tukaandika sifuri kwa oda hizo mbili. Sikutoa bei ya chakula chenyewe kama hasara, ingawa wapo watakaotaka kufanya hivyo. Alikula, akafurahi, na kila mtu ana Jumapili zake. Lakini tuliandika pembeni kwamba oda hizo mbili zilimtoa shilingi 1,530 za chakula na ada ya huduma, ili azione.

Jibu la tatu huwaponyoka wengi: ningekipata chakula kilekile kwa njia nyingine. Kwa mdogo wangu halikutokea, kwangu mimi lilitokea mara tatu katika mwezi wangu wa pasi. Kuna mkahawa karibu na Kenyatta Avenue ambao nina namba yao. Pilau yao mezani ni 450, kwenye apu ni 520, kwa sababu apu huwatoza wenye mikahawa kamisheni na wengi wao huirudisha kwenye bei ya menyu. Kabla ya pasi nilikuwa nikiwapigia, nalipa kwa M-Pesa, na mwenye boda wa steji yetu ananiletea kwa 100. Jumla 550. Kwa pasi nilikuwa nikiagiza pilau mbili ili nifike 700, nalipa 1,040 na ada ya huduma juu yake, na apu inaniandikia nimeokoa 110. Kwa simu, pilau mbili na boda zingekuwa 1,000. Yaani niliokoa 110 kwa kupoteza 40 na ushee. Kwa oda za namna hii usiandike ada iliyopigwa mstari. Andika gharama ya ile njia yako nyingine, toa uliyolipa, na ukipata namba hasi iandike hasi.

Angalia kitu kimoja hapo. Ile nyongeza ya bei kwenye menyu haihusiki unapolinganisha kuwa na pasi na kutokuwa nayo ndani ya apu hiyohiyo, kwa maana utailipa vyovyote vile. Inahusika tu pale pasi inapokuhamisha kutoka kwenye simu au kaunta na kukuingiza kwenye apu. Nimeona watu wakiitoa kwenye kila oda na kuishia na hasara kubwa isiyokuwepo.

Nyongeza za kufikia kiwango

Rudi kwenye risiti za oda zilizobaki. Kwa mdogo wangu zilikuwa sita, zenye ada ya jumla ya 640. Tafuta zile zilizopita kiwango kwa kidogo: 710, 720. Hizo ndizo zilizosukumwa. Zake zilikuwa tatu, na katika kila moja aliweza kunionyesha kilichoongezwa mwisho.

Oda moja ilikuwa 560, akaongeza sambusa na soda za 150 ili kukwepa ada ya 100. Nyingine ilikuwa 620, akaongeza 100 kukwepa 120. Ya tatu ilikuwa 590, akaongeza 130 kukwepa 110. Jumla aliongeza 380 ili asilipe 330. Ukiziona zimeandikwa hivyo zinachekesha, lakini saa mbili usiku, ukiwa na njaa na apu ikikwambia umebakiza 140 tu upate bure, akili haifanyi kazi hiyo.

Je, 380 zote ni hasara? Tulibishana hapo. Sambusa zililiwa na watoto wa jirani, soda moja ilikaa kwenye friji hadi wiki iliyofuata. Sheria niliyoitumia ni rahisi: kitu ambacho ningekinunua hata hivyo ndani ya siku mbili hakihesabiwi, kilichotupwa kinahesabiwa chote, na kilichobaki katikati kinahesabiwa nusu. Zake zote zilikuwa katikati. Nusu ya 380 ni 190, na 640 ikawa 450. Kama wewe ni mkali zaidi, toa zote. Mradi utumie kipimo kimoja kwa oda zote, usibadilishe ili matokeo yakupendeze.

Ile ada iliyopigwa mstari, ilikuwa ya kweli?

Ada ya kupelekewa hupanda na kushuka kwa umbali, saa, mvua na wingi wa madereva barabarani. Pia mikahawa huweka ofa zao wenyewe, nusu ada au bila ada, kwa kila mteja. Wiki ya ofa kama hiyo, mwenye pasi na asiye na pasi wanaweza kulipa karibu sawa, huku mwenye pasi akioneshwa ada kamili kana kwamba pasi ndiyo iliyoifuta.

Kuipima kunahitaji simu ya pili yenye akaunti isiyo na pasi. Tulitumia yangu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimeshajitoa. Weka anwani ileile kwenye simu zote mbili, fungua mkahawa uleule kwa wakati mmoja, jaza kikapu kilekile, nenda hadi ukurasa wa kulipia na uishie hapo. Usibonyeze kuthibitisha. Linganisha jumla ya mwisho. Usilinganishe mstari wa ada peke yake, kwa sababu punguzo linaweza kuwa limewekwa kwenye chakula.

Jaribio hili haliwezi kurudi nyuma kwa oda za mwezi uliopita, na hiyo ndiyo kasoro yake. Njia nzuri ni kulifanya mwezi ukiwa unaendelea, mara nne au tano, siku na saa unazoagiza kwa kawaida. Mdogo wangu kwa bahati alikuwa na kumbukumbu ya matangazo mawili: mikahawa miwili ilikuwa ikitoa nusu ada kwa wote katika wiki aliyoagiza, na picha za matangazo hayo zilikuwa bado kwenye simu yake. Ada zake zilikuwa 90 na 100, kwa hiyo bila pasi angelipa 45 na 50. Tukatoa 95, ikabaki 355.

Kumbuka pia umbali. Naka hadi mikahawa ya katikati ya mji si mbali, na ada zake ni ndogo. Mwenzangu anayekaa Kiamunyi akifanya hesabu hii kwa oda sitasita, atapata zaidi kwa kila safari, kama pasi yake haina kikomo cha kilomita. Bei ya pasi haijali unakaa wapi, ada ndiyo inayojali.

Ziweke kwenye jedwali

Kwa oda kumi na ushee kalamu inatosha. Ukitaka kutumia jedwali la simu, weka safu hizi: A tarehe, B bei ya chakula, C ada ambayo asiye na pasi angelipa siku hiyo, D ada uliyolipa wewe, E nyongeza za kufikia kiwango, na F andika 1 kama ungeagiza vilevile au 0 kama usingeagiza. Kisha kwenye G2 andika fomula ya kwanza na uiburute hadi mstari wa 12, halafu ya pili iweke chini yake:

```
=IF(F2=1, C2-D2-E2/2, 0)
=SUM(G2:G12)-399
```

Oda ambazo ungezipata kwa njia nyingine, futa fomula kwenye mstari wake na uandike namba uliyoipata kwa mkono. Kwa mdogo wangu safu ya G ilitoa 25, 70, 45, 45, 50 na 120, na sifuri tano kwa oda nyingine. Jumla 355, toa 399, jibu ni hasi 44.

Kutoka hapo unaweza kupata namba moja ya kukaa nayo kichwani. Oda sita za kweli zilimpa 355, ambayo ni kama 59 kwa kila moja. Gawa 399 kwa 59, unapata karibu 6.8. Maana yake kwake yeye pasi inaanza kulipa kwenye oda ya saba ya kweli. Alikuwa na sita. Mwezi wa zamu nyingi za usiku angefika nane bila kujisukuma, na mwezi wa likizo asingefika tatu.

Mwezi wa majaribio na pasi ya mwaka

Mwezi wa bure usiutumie kuamua. Bei ya pasi ni sifuri, kwa hiyo hesabu itatoka chanya hata ukiagiza mara moja, na watu huagiza kwa fujo wakati wa majaribio kuona inafanyaje kazi. Utumie kukusanya kitu kimoja tu: ni mikahawa mingapi kati ya yako yenye alama. Na siku unapoanza, weka kikumbusho kwenye simu cha siku mbili kabla ya majaribio kuisha.

Pasi ya mwaka huonekana rahisi sana ukiigawa kwa 12. Tuseme inauzwa 3,000 badala ya 4,788 za miezi kumi na miwili. Kwa 59 kwa oda, mdogo wangu angehitaji oda 51 za kweli kwa mwaka ili kurudisha pesa yake. Inawezekana. Lakini toa mwezi anaokwenda ushago Desemba, toa likizo yake ya mwaka, na uongeze hatari ya apu yenyewe kuondoka sokoni. Jumia Food ilifunga Kenya mwishoni mwa Desemba 2023, na tangazo lilitoka mwezi huohuo. Mimi ya mwaka singeichukua kabla sijaona miezi mitatu ya kawaida iliyotoka chanya.

Pasi za usafiri, kwa ufupi

Hizi hutoa punguzo la asilimia, au hukurudishia asilimia kama salio la kutumia humohumo kwenye apu. Salio si pesa. Lina tarehe ya kuisha, na halilipi nauli ya matatu. Lihesabu pale tu ulipolitumia, usilihesabu ulipolipata. Na kwa kuwa nauli ya apu hubadilika kila dakika, punguzo la asilimia 10 halina maana kama nauli yenyewe ilikuwa juu ya ile ya apu jirani. Linganisha jumla ya mwisho kwenye apu mbili, saa ileile, safari ileile. Kwa safari fupi za mjini, mwenye boda au tuktuk wa steji ndiye mpinzani wa kweli, na bei yake unaijua.

Ukishaamua kusitisha

Kosa nililofanya mimi ni la kawaida. Nilifuta apu kwenye simu nikaona nimemaliza. Mwezi uliofuata kadi ikakatwa tena, na nilipowaandikia wahudumu, jibu likawa kwamba pasi ni ya akaunti, haihusiani na kama apu ipo kwenye simu. Walikuwa sahihi kwa masharti yao, na pesa sikurudishiwa.

Kwa hiyo kwanza tambua ulilipia wapi. Kama ulilipia ndani ya apu yenyewe, ingia kwenye akaunti yako, tafuta ukurasa wa pasi, kisha sehemu ya kuisimamia. Kitufe cha kusitisha huwa chini kabisa, na kabla ya kukifikia utapewa ofa: punguzo la mwezi mmoja, au kuisimamisha kwa muda. Ofa ya punguzo si mbaya ukiwa na namba zako. Kwa mdogo wangu, pasi ya 199 ingemfanya afaidi 156 kwa mwezi kama ule. Ila soma inarudi bei ya kawaida lini.

Kama ulilipia kupitia Google, fungua Play Store, gusa picha yako, chagua `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Kwenye iPhone fungua `Settings`, gusa jina lako, kisha `Subscriptions`. Huko ndiko inakositishwa. Wahudumu wa apu ya chakula hawawezi kukusaidia hapo.

Kama ulilipa kwa M-Pesa kwa ombi linalotokea kwenye simu na kukutaka uweke PIN, hakuna kitakachokatwa mwezi ujao bila wewe kuweka PIN tena. Isipokuwa kama uliweka malipo ya kujirudia kupitia M-PESA Ratiba. Hayo yafute ndani ya Ratiba yenyewe.

Sitisha siku mbili kabla ya tarehe ya kukatwa, usingoje usiku wa mwisho. Pasi nyingi zitaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa muda uliolipia, kwa hiyo hupotezi siku zako. Hakikisha hilo kwenye ujumbe wa mwisho: unapaswa kuona tarehe ambayo pasi itaisha. Ukiona bado pameandikwa tarehe ya kulipa tena, hujasitisha, kuna kitufe ulichokiruka. Piga picha ya skrini na uhifadhi barua pepe ya uthibitisho. Kisha siku moja baada ya tarehe ya zamani ya malipo, fungua taarifa ya M-Pesa au ya benki uangalie.

Ukikatwa baada ya kusitisha, waandikie wahudumu ndani ya apu na uambatanishe ile picha ya skrini. Kama ulilipa kwa kadi na hawajibu, peleka malalamiko kwa benki yako upinge malipo hayo, na uende mapema kwa sababu benki zina muda maalumu wa kupokea pingamizi. Nje ya hapo, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji.

Mdogo wangu alisitisha jioni ileile, zikiwa zimebaki siku mbili. Aliulizwa sababu, akachagua "naagiza mara chache". Apu ikampa mwezi mmoja kwa nusu bei. Akanitazama, akatazama ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye mlango wa friji katika picha aliyokuwa nayo kwenye simu, akahesabu kwa vidole: Aprili alikuwa na usiku tisa, na mvua ndefu zilikuwa zimeshaanza.

"Hii ya nusu naichukua," akasema, na papo hapo akaweka kikumbusho cha tarehe 1 Mei.